Je, Wajua? Kima cha Chini Meru Mjini si cha Mashinani

Je, wajua kwamba Kenya haina kima kimoja cha chini cha mshahara? Kwa viwango vilivyoanza Novemba 1, 2024, mfagiaji wa duka mjini Embu hapaswi kulipwa chini ya shilingi 14,866.92 kwa mwezi. Mwenzake anayefagia duka sokoni Ishiara, kaunti iyo hiyo, kima chake ni 8,596.49.

Wajua kwa nini? Embu na Meru zilikuwa manispaa. Mabaraza hayo ya miji yalivunjwa kaunti zilipoanza mwaka 2013, lakini jedwali la mishahara bado linafuata mipaka yao. Bei ya mafuta ya taa haijui mipaka hiyo.

Wajua kwamba mshahara huo haujajumlisha nyumba? Mwajiri asiyempa mfanyakazi makao huongeza asilimia 15. Kwa mfagiaji wa Embu hizo ni 2,230.04, jumla 17,096.96.

Wajua kwamba shamba lina baraza lake la mishahara? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 iliweka mabaraza mawili, la jumla na la kilimo. Ndiyo maana kibarua asiye na ujuzi kwenye shamba la chai la Meru kima chake kwa viwango hivyo vya 2024 ni 7,997.33.

Wajua baraza hupima nini? Wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi huketi pamoja na wajumbe huru, kisha humshauri waziri. Upande mmoja huwekwa mahitaji ya mfanyakazi na familia yake, na gharama ya maisha. Upande wa pili, tija, uwezo wa mwajiri kuendelea na biashara, na hatari ya watu kukosa kazi. Neno “familia” halikuwapo tangu mwanzo: wakoloni walikadiria mshahara kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke, hadi kamati ya Carpenter ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba mke na watoto wahesabiwe.

Wajua kwamba nyongeza yaweza kuonekana nono na bado mshahara ukapungua thamani? Mwaka 2018 kima kiliongezwa asilimia 5, kisha kimya hadi 2022, kilipoongezwa 12. Katikati, bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 5 kila mwaka, 2019, 2020 na 2021. Jumla ya miaka hiyo mitatu pekee ilishapita 12.

Wajua kwamba tamko la rais Leba Dei halimlazimishi mwajiri? Asilimia 6 ya Mei 1, 2024 ilipata nguvu za kisheria kupitia amri ya waziri katika gazeti rasmi la serikali, nayo ikaanza kutumika miezi sita baadaye.

Na anayelipa pungufu? Ni kosa la jinai: faini hadi shilingi 50,000, kifungo cha hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Mahakama pia yaweza kumwamuru alipe tofauti yote. Lakini kwanza afisa wa leba lazima apate habari, na kibarua anayelipwa mkononi jioni bila karatasi yoyote ana kazi ngumu ya kuthibitisha alichopewa.