Usiache Dawa ya Moyo kwa Ghafula

Labda mganga amekupa atenololi au propranololi kwa ajili ya damu kupanda au maumivu ya moyo. Waganga huita dawa hizi betabloka. Tazama namna zinavyofanya kazi, ndipo utajua sababu ya kukatazwa kuziacha siku moja.

Mwilini mwetu mna maji ya nguvu yaitwayo adrenalini. Unapoogopa au kukimbia, adrenalini hupita katika damu na kugonga milango midogo ya moyo, nao moyo hupiga mbio. Betabloka huziba milango hiyo, na moyo hupiga polepole. Lakini dawa ikikaa miezi mingi, moyo huongeza milango mingine. Ukiiacha ghafula, milango yote hubaki wazi, ya zamani pamoja na ile mipya. Basi adrenalini ile ile ya kila siku huupiga moyo kwa nguvu kuliko kabla hujaanza kutibiwa.

Fikiri habari ya baba mmoja anayemeza atenololi miligramu 100 kila asubuhi, naye ana ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mapigo yake ni 62 kwa dakika. Anaenda kilio kijijini na kusahau vidonge nyumbani. Siku ya kwanza hasikii neno, naye anasema, «Nimepona.» Siku ya tatu moyo wake unapiga mara 118 hali ameketi tu, na kifua kinambana. Ugonjwa mpya haukumpata. Ni dawa kuondoka kwa ghafula. Mtu wa namna hii aweza kufa kwa moyo kukosa damu.

Kwa sababu hiyo mganga hushusha dawa kwa ngazi. Baba huyu angepewa miligramu 50 kwa juma moja, kisha 25 kwa juma moja, ndipo aache. Moyo hupata nafasi ya kupunguza milango yake. Siku hizo asibebe mizigo mizito. Mara nyingine mganga huacha dawa upesi, kama mapigo yamepungua mno au pumzi imebana, lakini yeye mwenyewe humwangalia mgonjwa.

Jipime hivi: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima ukiwa umetulia. Yakipita 100, au kifua kikiuma, au pumzi ikikatika, nenda hospitali mara moja, useme, «Niliacha dawa siku fulani.» Usimeze vidonge viwili kwa pamoja ili kufidia kimoja ulichosahau.

Tena, vikibaki vidonge vya juma moja, rudi kuchukua vingine. Usingoje chupa iwe tupu.