Deni Lililokufa Huku Mdaiwa Akiahidi Kulipa

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Mwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2016 alimkopesha mkandarasi saruji na nondo za shilingi milioni 18, wakaandikiana kuwa fedha zote zitalipwa ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Siku ikafika, fedha haikuonekana. Mkandarasi hakukana deni hata mara moja. Kila alipopigiwa simu alipokea, akaomba radhi, akataja mwezi mwingine.

Kwa Sheria ya Ukomo ya Tanzania Bara, Sura ya 89, dai linalotokana na mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka sita. Miaka hiyo haianzi siku mzigo ulipotoka dukani. Huanza siku haki ya kudai ilipozaliwa, yaani mdaiwa alipovunja ahadi yake ya kulipa. Kwa mwenye duka wetu, saa ilianza kuhesabu Julai 2016 mzigo haujalipiwa, na ingefika mwisho katikati ya mwaka 2022.

Lakini tarehe 10 Machi 2019 mkandarasi alileta shilingi milioni 3, akaandikiwa risiti ya kupunguza deni. Malipo hayo yalimsaidia mdai kuliko kiasi chenyewe, kwa kuwa sheria inasema mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri, muda huanza kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Mwisho ukasogea hadi Machi 2025. Ila kukiri kunakotambuliwa na sheria ni kwa maandishi yenye sahihi ya mdaiwa au wakala wake. Zile simu zote za kuomba radhi, hata kama majirani walizisikia, hazikusogeza siku hata moja.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Baada ya 2019 wawili hawa waliendelea kukutana, wakapatanishwa na wazee, wakakubaliana viwango vipya kwa mdomo. Mdai akaamini kwamba maadamu mazungumzo yanaendelea, haki yake iko salama. Mahakama za Tanzania zimekwishasema mara nyingi kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayasimamishi muda. Barua ya wakili ya kudai nayo haisimamishi. Kinachohesabika ni siku shauri lilipofunguliwa.

Tuseme alikwenda mahakamani Mei 2025. Kwa kawaida wakili wa upande wa pili angeweka pingamizi la awali, na shauri likaisha kabla shahidi hajaitwa. Hata mdaiwa asingelitaja suala hilo, kifungu cha 3 kinaiagiza mahakama yenyewe kulitupa shauri lililochelewa. Na kutupwa huku si kama kuondolewa kwa kasoro ya karatasi, ambapo mtu hurekebisha na kurudi. Shauri lililotupwa kwa ukomo halifunguliwi upya. Kinachobaki ni rufaa. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, katika shauri la mwaka 1998 ambalo mawakili hawachoki kulinukuu, aliufananisha ukomo na upanga usio na huruma. Ni maneno makali, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Anayedai fidia ya madhara, tuseme aliyegongwa na gari, ana muda mfupi zaidi: miaka mitatu. Wapo wanaokaa wakisubiri kesi ya jinai ya dereva iishe kwanza, na kesi ya jinai inaweza kula miaka yote hiyo. Mtoto aliyeumia ana nafuu, kwani muda wake huanza kuhesabiwa akishafikia utu uzima.

Je, aliyechelewa anaweza kuomba mahakama imwongezee muda? Kwa rufaa na maombi, ndiyo, akiwa na sababu ya kutosha. Kwa kufungua shauri jipya la madai, mamlaka hayo sheria imempa Waziri, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, naye hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda wa kawaida. Kwa mkataba hiyo ni miaka mitatu. Mlango huu ni mwembamba, na naona ajabu kwamba watu wengi huusikia kwa mara ya kwanza shauri lao likiwa limeshatupwa.

Hata hivyo, ukomo unamnyima mdai njia ya mahakama. Haulifanyi deni kuwa halikuwahi kuwapo. Mkandarasi akipatwa na haya akalipa mwenyewe, malipo ni halali. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mikataba inatambua ahadi mpya ya kulipa deni lililopitwa na wakati, yote au sehemu yake, mradi imeandikwa na kutiwa sahihi na mdaiwa. Ahadi hiyo ni mkataba unaojitegemea, na ikivunjwa mdai anaweza kushitaki kwa hiyo. Kwa hiyo mwenye duka wetu, kama bado anapokelewa simu, amwombe mkandarasi karatasi badala ya mwezi mwingine.