Breki Inalia na Haishiki: Mafuta Yametoka Wapi?

Kwa fundi wa baiskeli aliyejifunza kazi kwenye breki za vyuma na za waya, kitu kinacholia dawa yake ni oili. Cheni ikilia, tone la oili. Pedali ikilia, tone la oili. Mazoea hayo yamehudumia baiskeli zetu miaka na miaka, lakini yakipelekwa kwenye breki ya diski, yanaiua siku hiyo hiyo. Baiskeli nyingi za milimani zinazoingia kwa mtumba sasa zinakuja na breki hizo, tena zile zinazosukumwa kwa mafuta badala ya waya, na wenye nazo wengi hawajaambiwa zinavyofanya kazi.

Kwenye usukani, ndani ya mkono wa breki, kuna silinda ndogo na kijitanki cha mafuta. Ukivuta mkono, mafuta yanasukumwa kupitia mpira mwembamba hadi kwenye kalipa, yaani kile kichuma kilichoikumbatia diski karibu na ekseli. Ndani ya kalipa kuna pistoni, kwa kawaida moja kila upande, na kila moja inasukuma pedi ibane diski. Kwa hiyo mafuta ya breki yapo, na lazima yawepo, ila mahali pake ni ndani ya mfumo uliofungwa. Kati ya pedi na diski hapatakiwi hata alama ya kidole chenye jasho.

Niliona mambo haya yote kwenye baiskeli moja iliyoletwa kwenye karakana mjini Moshi. Mwenyewe ni kijana anayezungusha wageni milima ya Usambara, na breki zake ni za Shimano, mbele na nyuma. Malalamiko yalikuwa mawili. Breki ya mbele ilipiga yowe la kutoboa masikio na haikushika, hata ukiuvuta mkono kwa nguvu zote. Ya nyuma haikulia, ila mkono wake ulizama mpaka ukagusa usukani. Kijana alikuwa ameshabadilisha pedi za mbele mara moja, zikatulia kidogo, kisha kelele zikarudi vilevile.

Fundi hakufungua kitu kwanza. Alisimama mbele ya baiskeli akaivuta mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine, taratibu. Mkono wa mbele ulikuwa mgumu na ulishika mapema, kama inavyotakiwa. Hapo alishajua kwamba mafuta ya ndani yako salama na nguvu inafika kwenye pedi. Tatizo ni pale pedi inapokutana na diski. Mkono wa nyuma ulikuwa laini. Aliupampu harakaharaka mara tatu ukawa mgumu, akauacha kidogo, ukalegea tena. Huo ni upepo ndani ya mpira. Mtu yeyote anaweza kujipima hivyo nyumbani kabla ya kununua kifaa chochote, na mimi naona hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote.

"Mdogo wangu, baiskeli hii unaiosha na nini?" fundi akauliza.

"Sabuni tu, fundi. Halafu naipulizia ile dawa ya kung'arisha pikipiki."

Dawa ya kupuliza ni mvuke wa mafuta. Unailenga fremu au cheni, lakini mvuke unapita katikati ya spoku na kutua kwenye diski. Mwendeshaji anapofunga breki, diski inaupaka mvuke ule kwenye pedi, na pedi inaunyonya kwa sababu ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Pedi yenye mafuta haikamati sawasawa: inashika, inateleza, inashika tena, mara nyingi mno kwa sekunde moja. Mtetemo huo ndio yowe tunalolisikia, na uma wa mbele unalikuza. Ndiyo maana kelele na kukosa kushika huja pamoja. Breki inayolia asubuhi yenye umande au baada ya dimbwi la maji, kisha ikatulia baada ya kufunga mara chache, haina ugonjwa. Inayolia kwenye jua kavu huku haishiki, imekula mafuta.

Pedi zilipotolewa zilisema zenyewe. Pedi nzima uso wake umepauka, rangi yake moja. Hizi zilikuwa na mabaka meusi yanayong'aa. Kijana akataka kuzisugua msasa, na ni kweli msasa unasaidia pedi iliyong'aa kwa joto bila kugusa mafuta. Iliyonyonya mafuta huiponi kwa msasa, kwa sababu unaondoa ngozi ya juu tu, na ukiteremka vilima viwili joto linayatoa yaliyobaki ndani. Wapo wanaozichoma kwenye moto wa gesi. Pedi nyingi za baiskeli zimeshikanishwa kwa gundi ya aina ya plastiki, na moto huo huo unaoyafukuza mafuta unaiharibu gundi, kwa hiyo pedi inaweza kubanduka kwenye bati lake ukiwa mteremkoni. Pedi ni kitu cha kubadilishwa. Hata isiyo na mafuta, kwa Shimano, unene wa sehemu inayosugua ukibaki nusu milimita muda wake umekwisha.

Lakini pedi mpya peke yake ndiyo iliyomrudisha kijana karakana. Diski ya zamani ilikuwa bado na utando wa mafuta, ikaupaka kwenye pedi mpya. Kabla ya kufunga nyingine, fundi alifanya jambo ambalo wengi huliruka: alitafuta kama mafuta hayatoki ndani. Alipangusa kuzunguka pistoni kwa karatasi nyeupe ya chooni, akaweka kipande cha plastiki mahali pa pedi, akaufunga mkono kwenye usukani kwa raba na kuiacha breki imebana usiku kucha. Asubuhi akapangusa tena, karatasi ikatoka kavu. Ingetoka na unyevu wa mafuta, ingekuwa sili ya pistoni inavuja, na hapo ungeweza kununua pedi kila wiki bila kupona. Kwa Shimano sili hizo haziuzwi peke yake, unabadilisha kalipa nzima.

Diski ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ikakaushwa, kisha ikapanguswa kwa alkoholi ya isopropili, inayopatikana kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya maabara. Anapangusa, anageuza kitambaa, anapangusa tena, mpaka kitambaa kinatoka cheupe. Mafuta ya taa hayafai kabisa, na petroli pia inaacha utando wake. Baada ya hapo diski inashikwa kwa mashina yake, si kwa uso wake.

Pedi mpya haishiki vizuri siku ya kwanza, na watu wengi huichukulia kuwa mbovu. Inabidi kwanza iache tabaka jembamba la vumbi lake kwenye diski. Kijana aliambiwa atafute barabara tambarare, aende mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa, avute breki hiyo moja mpaka mwendo wa mtu anayetembea, aiachie bila kusimama kabisa, arudie kama mara 20. Alihisi mwenyewe breki ikizidi kukaza kadiri alivyorudia.

Breki ya nyuma ilikuwa na kisa kingine, nacho kimetokana na jambo tunalolifanya sote. Pancha ikitokea njiani, tunaigeuza baiskeli, usukani chini magurudumu juu. Kwenye kijitanki cha mkono mara nyingi pana hewa kidogo, na baiskeli ikiwa wima hewa hiyo hukaa juu bila madhara. Ukiigeuza, hewa inapanda kuelekea kwenye mpira, na ukivuta mkono wakati huo unaimeza ndani. Chukua bomba la sindano, lijaze maji, ziba tundu kwa kidole, usukume: halisogei. Lijaze hewa, usukume: linabonyea. Nguvu ya vidole vyako inaishia kubana hewa badala ya kubana diski.

Ukiwa njiani, simamisha baiskeli wima, mkono wa breki uwe juu kuliko mpira wote, pampu polepole huku ukiugonga mpira kwa vidole. Baadhi ya upepo utapanda kurudi tankini. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Kutoa upepo kwenyewe kunaanza kwa kuondoa gurudumu na pedi zote mbili, maana tone moja tu litaziharibu. Pistoni zinarudishwa ndani, kipande cha plastiki kinawekwa katikati, faneli ndogo inafungwa kwenye tundu la mkono, na mafuta mapya yanasukumwa kwa bomba la sindano kutoka chini kwenye kalipa. Yanatoka chini kwenda juu kwa sababu hewa hupanda. Mapovu yalichomoza kwenye faneli moja moja, na kila mpira ulipogongwa yalikuja mengine. Mkono ulipokuwa mgumu tangu mvuto wa kwanza, kazi ikaisha.

Mafuta yenyewe si ya kubahatisha. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, ingawa baadhi ya zile mpya ni za madini, kwa hiyo soma kifuniko cha mkono. DOT ya gari ikitiwa kwenye breki ya mafuta ya madini, sili zinavimba na breki nzima inakufa. Chupa ya DOT iko kila duka la vipuri, na hapo ndipo hatari ilipo.

Lilibaki jambo dogo. Diski ya nyuma iligusa pedi mara moja kwa kila mzunguko: shi, kimya, shi, kimya. Kalipa iliyokaa upande hugusa muda wote. Inayogusa kwa mapigo ni diski iliyopinda. Baiskeli ilikuwa imesafirishwa kwenye buti la basi, imelazwa upande wa kushoto wenye diski, mizigo juu yake. Fundi aliweka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, akalizungusha gurudumu, akatia alama ya kalamu mahali nafasi ilipopungua, kisha akainyoosha kidogo kidogo kwa spana iliyosafishwa kwa alkoholi. Akapima na unene. Diski mpya ya Shimano ina milimita 1.8, na ikifika 1.5 haifai tena. Hii ilikuwa na 1.7.

Barabara ya Lushoto hadi Mombo inashuka karibu mita 1,000, na kijana anaiteremka na wageni. Fundi alimwagiza asikae amevuta breki kidogo kidogo njia nzima, bali avute kwa nguvu kabla ya kona, aachie, ili diski ipoe. Na akisafirisha baiskeli gurudumu likiwa nje, aweke katoni iliyokunjwa kati ya pedi. Mtu akiuvuta mkono bila diski, pistoni zinasogea mpaka pedi zinagusana, na diski haiingii tena. Hilo likitokea, zinatenganishwa kwa kile kiplastiki cha kutolea tairi, kisafi, si kwa bisibisi.