Picha Inapogeuka Sentensi: Pale Jicho na Ulimi wa Kompyuta Vinapounganishwa

Chukua picha ya mvuvi aliyesimama kwenye ngalawa, wavu begani, bahari imetulia. Zipo programu ambazo ukizipa picha hiyo zitakuandikia sentensi: "mtu amesimama kwenye mashua majini." Nyuma ya sentensi hiyo hakuna mtambo mmoja bali miwili. Wa kwanza umefunzwa kutambua vitu kwenye picha, lakini haujui kupanga hata maneno mawili. Wa pili umefunzwa kupanga maneno, lakini haupokei picha yenyewe. Namna miwili hiyo inavyoungwa ndiyo inayoamua kama sentensi imetokana na picha au imetokana na mazoea tu.

Mfano mzuri wa kufuatilia ni mfumo uliotangazwa mwishoni mwa 2014 na watafiti wanne wa Google: Oriol Vinyals, Alexander Toshev, Samy Bengio na Dumitru Erhan. Mwaka 2015 mfumo wao ulishika nafasi ya kwanza, sambamba na ule wa Microsoft, katika shindano la kutunga maelezo ya picha za mkusanyiko uitwao MS COCO. Mwaka 2016 Google iliweka hadharani msimbo wa toleo lililoboreshwa. Tarakimu za hapa chini ni za toleo hilo.

Jicho

Sehemu inayosoma picha, ambayo wataalamu huiita kisimbaji, ni mtandao wa konvolusheni. Kazi yake hufanywa na vidirisha vidogo vinavyopita juu ya picha nzima, kila kimoja kikitafuta alama yake: hiki ukingo wa wima, kile badiliko la rangi. Matokeo ya tabaka moja hupelekwa kwenye tabaka linalofuata, ambalo hutafuta mchanganyiko wa alama hizo, mpaka tabaka za juu zinaitikia vitu kama gurudumu, uso au tanga.

Mtandao huu haufunzwi kuanzia sifuri. Huchukuliwa ukiwa tayari umefunzwa kwa picha zipatazo milioni 1.2 za ImageNet, ambako kazi yake ilikuwa kuchagua jina moja kati ya majina 1,000. Kisha tabaka la mwisho, lile la kutaja jina, hukatwa, na kinachochukuliwa ni kile kilichokuwa chini yake.

Picha ya mvuvi huingia ikiwa na ukubwa wa nukta 299 kwa 299. Inapofika juu imekuwa gridi ya vyumba 8 kwa 8, kila chumba kikiwa na namba 2,048. Vyumba vyote 64 hutafutiwa wastani, na mwishoni hubaki orodha moja tu ya namba 2,048. Wastani huo una gharama yake. Orodha inaweza kuonyesha kuwa picha ina mtu, maji na chombo, lakini habari za nani yuko wapi zimefifia.

Kiungo

Ulimi wa mfumo, yaani kisimbuzi, ni mtandao wa aina ya LSTM, unaopokea neno moja baada ya jingine huku ukibeba kumbukumbu ya yaliyotangulia. Msamiati wake una maneno kama 12,000, na kila neno limepewa orodha yake ya namba 512. Hapo ndipo tatizo linapojitokeza: picha ina namba 2,048, ulimi unapokea 512.

Suluhisho ni tabaka moja la kuzidisha na kujumlisha. Kila namba mpya kati ya zile 512 hupatikana kwa kuzipa namba zote 2,048 uzito wake na kuzijumlisha. Uzito wote katika tabaka hilo ni zaidi kidogo ya milioni moja, na unajifunza pamoja na ulimi. Baada ya hapo picha ina umbo lilelile la neno. Huingizwa mara moja, kabla ya neno la kwanza, kana kwamba ni neno lililotangulia sentensi ambalo halikutamkwa.

Kisha utungaji unaanza. LSTM hupokea picha na kuibadili kumbukumbu yake. Hupokea alama ya kuanza sentensi, na hapo hutoa uwezekano wa kila neno kati ya yale 12,000. Tuseme, kwa mfano tu, "mtu" linapata 0.5 na "mashua" 0.2. Likichaguliwa "mtu", neno hilo hurudishwa ndani kama ingizo la hatua inayofuata, na mtandao hupima tena: "amesimama" 0.4, "amepanda" 0.3. Huendelea hivyo mpaka neno linaloongoza liwe ni alama ya kumaliza. Ili neno moja la mwanzo lisiiharibu sentensi yote, programu huendesha sentensi kadhaa kwa pamoja, kwa mfano tatu, na mwishoni huchukua ile yenye uwezekano mkubwa kuliko zote.

Mtu angeuliza: kwa nini picha isiingizwe tena katika kila hatua? Vinyals na wenzake walijaribu, na matokeo yakawa mabaya zaidi. Mtandao ulianza kushika vitu vidogo visivyo na maana katika kila picha ya mafunzo, ukakariri badala ya kujifunza. Ipo pia njia ya kutoipitisha picha ndani ya LSTM kabisa: LSTM inashughulikia maneno peke yake, na picha inakutana na matokeo yake mwishoni, pale neno linapochaguliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Malta walizilinganisha njia hizi na kuona kuwa hii ya mwisho inafanya kazi vizuri, na LSTM inaweza kuwa ndogo zaidi kwa sababu haibebi mzigo wa picha.

Makosa yanavyorudi nyuma

Mafunzo hutumia picha zilizoandikiwa maelezo na watu. Kwenye MS COCO kila picha ina sentensi 5 au zaidi kidogo. Kila mtandao unapolipa neno sahihi uwezekano mdogo, huhesabiwa kosa, na kosa hilo hurudi nyuma likirekebisha uzito: kwanza wa ulimi, kisha wa kiungo, na likiruhusiwa, wa jicho.

Neno "likiruhusiwa" lina maana kubwa. Mwanzoni ulimi haujui chochote, na masahihisho unayorudisha ni fujo tupu. Fujo hiyo ikifika kwenye jicho, inaharibu kile lilichojifunza kwa picha milioni na zaidi. Kwa hiyo jicho hufungwa kwanza, lisibadilike. Watafiti wa Google walifunza ulimi na kiungo kwa hatua 500,000, ndipo wakalifungua jicho na kuvifunza vyote pamoja kwa hatua nyingine 100,000. Faida iliyoonekana wazi ilikuwa kwenye rangi. ImageNet hailazimishi mtandao kujali kama treni ni ya bluu au ya njano, maana zote ni treni. Watu wanaoandika maelezo ya picha hutaja rangi, na jicho lilipofunguliwa lilianza kuzipeleka.

Kutazama mara moja, au kila mara

Kuingiza picha mara moja ni sawa na kumwonyesha mtu picha, kisha kuiondoa na kumtaka aieleze. Anaanza vizuri, lakini anapofika neno la nane anategemea zaidi mtiririko wa lugha kuliko alichokiona.

Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Kelvin Xu, likiwa na watafiti wa Montreal na Toronto, lilibadili kiungo. Hawakutafuta wastani wa vyumba. Walichukua gridi ya 14 kwa 14, yaani sehemu 196 za picha, kila moja na namba 512, wakaziacha zote mezani. Kabla ya kila neno, LSTM huipima kila sehemu na kuipa uzito, na uzito wote ukijumlishwa ni 1. Kinachoingia kwenye hatua hiyo ni wastani unaofuata uzito huo. Mtandao ukikaribia kusema "mtu", uzito unaweza kurundikana kwenye mwili wa mvuvi. Ukikaribia "mashua", unahamia chini. Uzito huo unaweza kuchorwa juu ya picha kama mwanga, na msanifu akaona mtandao ulitazama wapi ulipochagua neno baya.

Kujua kosa liko wapi

Turudi kwa mvuvi wetu. Haishangazi mfumo uliofunzwa kwa MS COCO ukisema "mtu amepanda ubao wa kuteleza kwenye mawimbi". Mbao za aina hiyo ni mojawapo ya makundi 80 ya vitu yaliyowekewa alama katika mkusanyiko huo, na mtu, maji na kitu chembamba chini ya miguu ndiyo sura yake. Ngalawa haina kundi lake. Lakini kosa ni la nani?

Jaribio la kwanza ni kuupa mfumo picha nyeusi tupu, au picha ya jikoni. Ukitoa sentensi ileile, picha haipiti kwenye kiungo, na ulimi unasema kwa mazoea. Jaribio la pili ni kuchukua zile namba 2,048 peke yake na kufunza kitambuzi kidogo kinachojibu swali moja: je, kuna wavu kwenye picha? Kikishindwa, huenda jicho halikuuona wavu, na hakuna ulimi utakaoutaja. Kikifaulu, habari ilikuwepo ikapotea mbele zaidi, kwenye kiungo au kwenye ulimi.

Kwa anayetaka mfumo unaosema Kiswahili, jicho halina haja ya kubadilishwa, kwa sababu picha haina lugha. Kinachofunzwa upya ni kiungo na ulimi. Lakini kanuni ya watafiti wa Google ya kuacha nje kila neno lililotokea chini ya mara 5 ingetuumiza. Kwetu "anavua", "wanavua" na "aliyekuwa akivua" yanahesabiwa kuwa maneno mbalimbali, na mengi yangeachwa kabla mafunzo hayajaanza. Ni afadhali kuyakata maneno vipande, ili "ana", "wana" na "vua" vihesabiwe kila vinapotokea.

Kwa hiyo ukionyeshwa programu inayoeleza picha kwa sentensi zilizonyooka, usiipime kwa ufasaha wake. Ufasaha ni kazi ya ulimi, na ulimi unaweza kuwa fasaha bila kuona kitu. Ipe picha mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu, mtu mwenye wavu na mtu asiye nao, uone kama sentensi inabadilika. Isipobadilika, usiitegemee.