Pikipiki ya Mtumba: Injini Ipimwe Mara Mbili

Wauzaji wengi wa pikipiki zilizotumika siku hizi hutangaza biashara kwa video za simu. Nyingi zinafanana: muuzaji anazunguka chombo kilichooshwa kikang'aa, anataja bei, anapiga resi mara mbili, basi. Mtazamaji hajaonyeshwa kitu. Muuzaji mkweli huipanga video yake kwa utaratibu mwingine, na utaratibu huo unamfaa pia mnunuzi anayekwenda kukagua peke yake. Tuchukue mfano wa Boxer 150 iliyofanya kazi ya bodaboda jijini Dar es Salaam.

Namba kabla ya swichi

Kamera ianzie kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, palipogongwa namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. "Kadi hii hapa, namba hii hapa, tusome pamoja," muuzaji aseme, kisha afanye vivyo hivyo kwa namba ya injini. Boxer hutengenezwa na Bajaj ya India, na kwa kawaida namba zake za chesisi huanza na MD2. Za TVS huanza na MD6. Ukiona alama za tupa, au herufi zimepinda na hazikai mstari mmoja, usiendelee.

Jina lililo kwenye kadi ya TRA nalo ni la kuulizwa. Bodaboda wengi huendesha pikipiki za mkataba: dereva humlipa tajiri hesabu mpaka deni liishe, na kadi hubaki kwa tajiri muda wote huo. Dereva anayeuza kabla ya kumaliza anauza mali isiyo yake. Mwenye jina awepo, au umpate kabla ya kutoa fedha.

Injini ikiwa baridi

Sasa muuzaji aweke kiganja kwenye injini mbele ya kamera, kuonyesha kwamba haijawashwa asubuhi hiyo. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu injini iliyokwisha pata moto huwaka kwa urahisi na huficha ugumu wake. Ukifika ukakuta injini ina joto, omba kurudi kesho yake, mapema.

Ikishawaka, tazama ekzosti. Moshi mweupe mwembamba unaopotea baada ya muda mfupi mara nyingi ni mvuke tu. Moshi mweusi unaonyesha petroli inazidi hewa. Huenda chujio la hewa limeziba au kabureta inahitaji kurekebishwa, na hilo si ghali. Wa bluu ndio wa kuogopa, kwa kuwa ni oili inayoungua. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukakoma, shuku sili za valvu. Ukiendelea kila unapovuta mafuta, ringi za pistoni au silinda zimelika, na injini itafunguliwa.

Fremu na usukani

Injini ikiendelea kuunguruma, kamera ishuke kwenye fremu. Rangi mpya sehemu moja tu, au mshono wa kuchomelea kwenye shingo, ni dalili ya ajali. Kwenye bodaboda angalia pia chini ya siti na mkono unaobeba gurudumu la nyuma, kwa maana hapo ndipo mizigo na abiria huelemea.

Baadaye, injini ikishazimwa, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la mbele liinuliwe, ugeuze usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikwama kidogo katikati, vikombe vya beringi vimebonyea. Ukiishika miguu ya shokapu za mbele, ukaivuta na kuisukuma, ikagonga, beringi zimelegea au zimelika. Halafu simama nyuma utazame kama magurudumu mawili yako mstari mmoja.

Injini ikiwa ya moto

Video nyingi huishia hapo, na hapo ndipo udanganyifu hupita. Wapo wanaojaza oili nzito isiyo ya injini hiyo ili kupunguza moshi na kelele. Oili baridi ni nzito, hivyo hila inashika. Ikipata moto hulainika, na moshi wa bluu pamoja na milio ya ndani hurudi. Kwa hiyo pikipiki iendeshwe kama dakika 15, ibadilishwe gia zote, breki zijaribiwe, kisha izimwe na kuwashwa tena papo hapo huku kamera ikielekea ekzosti. Boxer yetu ikiwaka vizuri asubuhi lakini ikafuka bluu baada ya mzunguko huo, bei haiwezi kubaki ile ile: punguza gharama ya fundi ya kufungua injini, au iache.

Kilomita za dashibodi zisikushughulishe sana; waya wake hukatika, na wengine huuchomoa makusudi. Mpira wa kukanyagia uliolika mpaka chuma huonyesha kazi halisi ya chombo.

Muuzaji akikubali vipimo vyote viwili, cha baridi na cha moto, endelea na mazungumzo ya bei. Akikataa kimoja, usinunue.