Faili Moja, Majina Mawili

Mtu amekloni mradi wa Git kwenye kompyuta ya Mac. Hajagusa kitu, lakini akiandika `git status` anaonyeshwa café.txt kama faili geni, chini ya `Untracked files`, ilhali limo mradini tangu zamani. Kiswahili hakina herufi zenye alama, hivyo wengi hukutana na jambo hili wanaposhika mafaili yenye majina ya Kifaransa, kama ilivyo kawaida Kongo.

Yunikodi inaruhusu é iandikwe kwa njia mbili. Yaweza kuwa herufi moja kamili, yaani baiti mbili, C3 A9; au e ya kawaida ikifuatwa na alama inayopachikwa juu yake, baiti tatu, 65 CC 81. Kwa macho ni kitu kimoja. Linux huhifadhi jina kama lilivyoletwa, na kwa kawaida huletewa herufi kamili. Mfumo wa diski wa Mac ulioanza mwaka 1998, HFS+, uliyatenganisha majina kabla ya kuyahifadhi. Git ilipoorodhesha folda ilikuta jina lenye baiti nyingine, ikaliona geni. Haikusema faili la awali limefutwa, kwa kuwa Mac hulifungua kwa jina lolote kati ya hayo mawili.

Hatari huanza pale mtu anapoandika `git add .` ili kelele ziishe. Sasa mradi una majina mawili. Mwenzake wa Linux anapata mafaili mawili yanayofanana kwa jina, anahariri moja, anarudisha kazi. Kwenye Mac majina yote mawili yanaelekea faili lilelile, kwa hiyo moja litaonekana limebadilishwa daima: ukilirejesha hili, lile linaharibika.

Ili kuyatofautisha, andika `git ls-files`, ambayo huonyesha baiti zenyewe:

```
"cafe\314\201.txt"
"caf\303\251.txt"
```

La kwanza ndilo lililotenganishwa. Linganisha yaliyomo kwanza, maana huenda kazi mpya imo ndani yake, kisha uliondoe ukiwa kwenye Linux, ambako ni mafaili mawili kweli:

```
git rm $'cafe\314\201.txt'
```

Usiliondoe kwenye Mac, kwani kulifuta moja ni kufuta yote mawili. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye Mac akloni upya badala ya kuvuta mabadiliko.

Tangu toleo 1.7.12 la mwaka 2012, Git kwenye Mac inaweza kuunganisha majina kabla ya kuyalinganisha:

```
git config core.precomposeunicode true
```

Siku hizi hujiwekea mpangilio huo yenyewe wakati wa kukloni. APFS, mfumo wa diski uliofuata mwaka 2017, nao huacha jina kama lilivyoandikwa. Hata hivyo, mradi wa zamani uliohifadhiwa na majina yaliyotenganishwa bado utasumbua: Git inayaunganisha inapoorodhesha folda, halafu hayalingani na yale iliyoyahifadhi. Hapo jina lenyewe lazima libadilishwe ndani ya mradi.