Tumbili, Simba na Tembo: majina ya mbegu yanapomchanganya mnunuzi

Na Mwandishi Wetu, Iringa

KILA mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia, maduka ya pembejeo ya Iringa mjini na Mbeya hujaa watu ambao siku nyingine ungewakuta ofisini. Ni watumishi, walimu na wafanyabiashara wenye ekari mbili tatu kijijini, na wengi wao hununua mbegu ya mahindi kwa kutazama picha iliyo kwenye mfuko.

Kwa wanaonunua mbegu za kampuni ya Seed Co, yenye asili ya Zimbabwe, picha hiyo ni ya mnyama. Yupo Tumbili, ambaye ni aina ya SC 419. Yupo Simba, SC 627, na yupo Tembo, SC 719. Jina la kampuni ni moja, herufi za mwanzo ni zile zile, kinachotofautiana ni mnyama na namba.

Mnunuzi asiye na mtu wa kumweleza husoma picha hizo kama anavyosoma daraja za bidhaa nyingine. Tembo ni mkubwa, basi ndiyo mbegu bora. Tumbili ni mdogo, basi ni ya wenye kipato kidogo. Mwenye fedha huondoka na Tembo, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Ngazi hii haipimi ubora. Inapima muda. Tarakimu ya kwanza ya namba ndiyo inayobeba maana: mbegu zinazoanza na 4 hukomaa mapema, za 5 hufuata, za 6 huchukua muda zaidi, na za 7 ndizo zinazokaa shambani muda mrefu kuliko zote. Mnyama amewekwa ili asiyekumbuka namba akumbuke sura. Kwa hesabu ya jumla, Tumbili huhitaji kama miezi minne hadi kukomaa, na Tembo kama mitano au zaidi.

Tofauti hiyo ya mwezi mmoja inaweza kuonekana ndogo dukani. Shambani ndiyo inayoamua mavuno.

Tumchukulie mtumishi wa Iringa mjini mwenye shamba Ismani, upande wa mkoa huo unaojulikana kwa mahindi na vilevile kwa ukame. Anapanda Desemba 20. Akiwa amenunua Tumbili, mahindi hutoa mbelewele na ndevu mwishoni mwa Februari, mvua zikiwa bado zipo, na kufikia Aprili 19 siku 120 zimetimia na punje zimekwishajaa.

Akiwa amenunua Tembo, ndevu huonekana kama Machi 10, na punje huendelea kujazwa Aprili yote hadi katikati ya Mei. Mvua ikikatika katikati ya Aprili, jambo ambalo si geni Ismani, mmea hukauka punje zikiwa bado na maziwa. Gunzi litakuwa refu kweli kweli, lakini punje za nchani zitakuwa zimesinyaa. Mkulima atadhani ameuziwa mbegu bandia, na atarudi dukani akiwa na hasira, ilhali mbegu ilikuwa halisi.

Njia ya kutambua ipo. Mbegu mbovu au bandia huonekana mapema: miche huota michache, au mimea ya shamba moja hupishana mno kwa kimo na kwa siku za kuchanua. Mbegu halisi iliyopandwa mahali pasipoifaa huota vizuri, husimama kwa usawa na kupendeza hadi kuchanua, kisha hushindwa wakati wa kujaza punje.

Hasara ya upande wa pili haisemwi sana. Mtu wa Mufindi, kwenye baridi na mvua ndefu, akinunua Tumbili kwa sababu ya haraka, mahindi yake hukomaa mvua ingali inanyesha. Masuke hayakauki, maji huingia kwenye maganda na ukungu huozesha punje. Aidha, anakuwa ameupoteza mwezi mzima ambao mmea ungeutumia kutengeneza chakula. Huko Tembo ndiye mwenye nafasi.

Ugumu unaongezwa na miinuko yenyewe. Mahindi hayahesabu siku kama kalenda. Hukua kwa kadiri ya joto yanalolipata. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa wastani wa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kutoka bonde la Usangu hadi vilima vilivyo juu ya jiji la Mbeya tofauti ni mita mia kadhaa, na mbegu ile ile huchelewa kwa wiki nyingi inapopelekwa juu. Kwa hiyo siku zinazotajwa kwenye mfuko ni za kulinganisha mnyama mmoja na mwingine, si ahadi kwa kila kijiji.

Je, wanyama walikuwa chaguo baya? Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapana. Namba peke yake ni ngumu zaidi. Mbegu zilizotokana na utafiti wa Uyole, Mbeya, huitwa UH615 na UH6303, herufi zikimaanisha chotara wa Uyole, na mnunuzi wa kawaida hawezi kujua kwa namba hizo ipi inatangulia kukomaa. Mnyama angalau hutamkika na hukumbukwa.

Tatizo ni kwamba wanyama hawapangiki kwa njia moja. Nchini Kenya kampuni hiyo hiyo iliweka Duma 43 kwenye kipandio cha chini, kisha Punda Milia 53, Simba 61 na Tembo 73. Duma ni jina la werevu, kwa kuwa kila mtu anajua mbio zake, na mbio ndiyo sifa ya mbegu hiyo. Lakini anayepanga wanyama hao kwa ukubwa atakwama njiani: punda milia ni mzito kuliko simba, ilhali kwenye ngazi yuko chini yake. Kwetu, Tumbili hana hata sifa ya mbio. Sifa yake kwa mkulima wa mahindi ni wizi.

Malawi hutumia majina ya Kichewa, Kanyani, Mkango na Njovu, na Zimbabwe hutumia ya Kishona, Tsoko, Mbizi, Shumba na Nzou. Mfanyabiashara wa Tunduma au Kasumulu akiona mfuko wa Njovu asidhani ni mbegu mpya. Namba ni 719, na ndiye Tembo.

Wasindikaji wa unga na mchele wa mikoa hii, ambao nao wanaanza kuweka daraja mbili tatu chini ya jina moja, wana la kuchukua hapa. Kabla ya kuchagua majina, mwenye bidhaa aamue ngazi inapima nini: ukobolewaji, chenga, au bei. Kisha majina yote yaseme jambo hilo moja. Anayeita mchele wake wa kwanza "supa" atahangaika siku atakapopata ulio bora zaidi.

Kwa mnunuzi wa mbegu, swali la kumuuliza muuzaji si lipi kubwa. Ataje kijiji lilipo shamba, na mwezi ambao mvua za huko hukatika. Ahesabu kurudi nyuma kutoka hapo hadi siku anayotarajia kupanda, kisha asome tarakimu ya kwanza kwenye mfuko.